Barua kwa Meneja wa Benki Ziwa Linapofungwa

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mwanamke anayenunua dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, akawaanika na kuwapeleka mikoani, hiyo ni miezi mitatu bila mzigo, huku tarehe za marejesho ya mkopo zikibaki palepale.

Tuchukue mfano wa mama wa namna hiyo. Alikopa shilingi 6,000,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya salio linalopungua. Rejesho lake ni kama shilingi 567,000. Amelipa matano, la mwisho mwezi Mei, na salio limebaki kama 3,672,000. Anajua kwamba Juni hataweza.

Wengi hapo huzima simu. Wengine huandika barua ndefu ya shida, inayoishia na "naomba mnifikirie." Afisa mikopo anaweza kuisoma kwa huruma, lakini hana cha kupeleka kwenye kamati ya mikopo, kwa kuwa barua haijaomba kitu kinachoweza kukubaliwa au kukataliwa. Ombi lenye nguvu lina tarehe na kiasi:

"Yah: Ombi la kubadili ratiba ya marejesho. Naomba kulipa riba pekee, takriban shilingi 73,500 kwa mwezi, kwa Juni, Julai na Agosti. Kuanzia Septemba naomba salio ligawanywe kwa miezi 10, takriban shilingi 409,000 kila mwezi. Riba ya miezi mitatu nitaitoa kwenye biashara yangu ya mafuta ya mawese, ambayo mauzo yake yameambatanishwa."

Sentensi hiyo ya mawese ndiyo nguzo ya barua. Benki inataka kuona fedha itatoka wapi, na ushahidi wake ni daftari la mauzo pamoja na taarifa ya miamala ya simu ya miezi iliyopita. Aeleze pia mapengo yanayoonekana humo kila mwezi: siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika, kwa hiyo mzigo hukatika. Afisa asiyelijua ziwa ataona mapengo hayo na kudhani biashara ilikuwa inayumba tangu zamani.

Kisha kuna swali gumu ambalo ni bora alijibu kabla hajaulizwa: ziwa likifungwa tena mwakani, itakuwaje? Hapa ratiba mpya inamsaidia, maana miezi 10 kuanzia Septemba inaishia Juni. Ni rejesho moja tu litakaloangukia kipindi kama hicho, na anaweza kuahidi kuliwekea akiba kuanzia Machi.

Nafuu hii ina gharama, na mkopaji anapaswa kuijua kabla ya kusaini. Kwa ratiba ya zamani alikuwa amebakiza kulipa jumla ya kama 3,972,000. Kwa ratiba mpya atalipa kama 4,308,000, yaani nyongeza ya karibu 336,000. Akiomba asilipe chochote kwa miezi mitatu, riba ya kipindi hicho itaongezwa kwenye deni, nayo itaanza kuzaa riba. Nyongeza itafika karibu 367,000, na kila rejesho litapanda hadi kama 434,000. Ndiyo maana namshauri alipe riba hata kama ni kwa kubana. Benki nyingine hutoza pia ada ya kubadili mkataba, basi aiulize mapema.

Barua ifike kabla ya rejesho la kwanza kukwama. Deni likichelewa zaidi ya siku 90, kwa kawaida benki huliweka kwenye kundi la mikopo chechefu na hulazimika kutenga fedha kufidia hasara inayoweza kutokea. Mikopo midogo inaweza kufika huko mapema zaidi. Rekodi hiyo huonekana kwa wakopeshaji wengine, na mama aliyekuwa na marejesho matano safi anaanza kujadiliana kama mdaiwa sugu.

Mdhamini naye asisahauliwe. Chini ya sheria ya mikataba ya Tanzania, masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa yake, dhamana yake inaweza kufutika. Kwa hiyo benki itamtaka asaini upya, na akisita, ombi zima linakwama. Amweleze yeye kwanza, kabla hajaandika.

Akikabidhi barua, abaki na nakala iliyogongwa mhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Afisa akimwambia kwa mdomo "usijali, tumekubali," bado mfumo wa benki unahesabu siku za kuchelewa na faini kwa ratiba ya zamani. Aombe mkataba wa marekebisho uliosainiwa pamoja na ratiba mpya iliyochapwa. Baada ya malipo ya Juni, aombe taarifa ya mkopo na atazame safu ya malimbikizo. Ikionyesha chochote zaidi ya sifuri, ratiba mpya bado haijaingizwa, na siku hiyohiyo arudi kwa meneja na nakala yake mkononi.