Faili Limefika, Maneno Yamebaki

Aliyewahi kukaa masjala anajua kwamba jalada halitoki mezani mikono mitupu. Ndani yake kuna dokezo: "Mhasibu, rejea folio 14, naomba uhakiki." Ukilifungua tu unajua limekujia kwa kazi gani. Barua pepe imetuondolea desturi hiyo. Mtu anaambatisha faili, anabonyeza kutuma, basi.

Ijumaa moja saa 9:40 alasiri nililetewa MALIPO_MACHI_2.xlsx na dada wa idara ya jirani, bila hata salamu. Orodha ya kwanza nilikuwa nayo tayari. Sasa hii ya pili ni ya kuhakiki, ya kupeleka kwa mhasibu, au ameniwekea nakala tu?

Jibu baya kuliko yote hapo ni "Nimeipata, asante." Mwenzako ataondoka akijua kazi imeanza, nawe umekaa hujui hata ni kazi gani. Na ukiandika "Unataka nini?", umeanzisha ugomvi; kwa Kiswahili swali hilo huulizwa mtu anayekusumbua mlangoni. Mimi niliandika hivi:

"Habari za mchana, dada. Nimepokea MALIPO_MACHI_2.xlsx, ila sikuona maelezo. Nikusaidie kuihakiki, niipeleke kwa mhasibu, au ni ya kutunza? Je, inachukua nafasi ya ile ya tarehe 14? Kama ni ya leo, nijulishe kabla ya saa 10, maana mhasibu anafunga saa 10:30. Kwa sasa sijaipeleka popote."

Jina la faili nimelitaja makusudi, kwani huenda alikusudia kutuma jingine. Kazi tatu nimemwekea ili ajibu kwa neno moja hata kama yuko kwenye daladala. Swali la ile ya tarehe 14 ndilo lililonisumbua zaidi: orodha mbili za mwezi mmoja zikimfikia mhasibu, kuna mtu atalipwa mara mbili. Na ile sentensi ya mwisho inamwambia wazi kwamba akinyamaza, faili halisogei.

Tahadhari moja: barua pepe tupu yenye kiambatisho huweza pia kutumwa na mwizi aliyeingia kwenye akaunti ya mwenzako. Jina la faili likiwa geni kwako, usilifungue, na swali lako usilipeleke kwa barua pepe, maana atakayekujibu ni huyo huyo mwizi. Piga simu, au vuka ukumbi ukamuulize. Langu nililitambua kwa sababu orodha ya Machi tulikuwa tunaishughulikia wote wawili wiki nzima.

Jibu lilikuja baada ya dakika sita: "Samahani kaka, kidole kilitangulia. Hakiki mstari wa 12 tu, ile ya mwanzo ifute." Nikautazama mstari wa 12. Katika orodha ya tarehe 14, namba ya akaunti ya mlipwaji ilikuwa imepungua tarakimu moja.