Tangazo la pikipiki linaloleta mnunuzi wa kweli

"Pikipiki inauzwa. Ipo katika hali nzuri. Bei maelewano. Fika ofisini." Matangazo ya namna hii yapo kwenye mbao za makanisa na kuta za maduka hapa Songea, na mengine huchakaa kwa mvua kabla pikipiki haijapata mtu. Wanaofika ni madalali na watu wa kuulizia tu. Mwenye fedha mkononi, anayetoka Namtumbo au Mbinga na anayehitaji chombo kabla ya mavuno, hawezi kupanda basi kuja kuangalia kitu ambacho hata ukubwa wa injini yake haujulikani.

Makala hii inaeleza kwa kamati za parokia namna ya kuandika tangazo ambalo mnunuzi wa aina hiyo atalijibu. Wafadhili nao wanahusika, kwa sababu pikipiki nyingi zinazouzwa na kamati zilinunuliwa kwa msaada wao, na ni kwenye makaratasi ya pikipiki za namna hiyo ndipo mauzo mengi hukwama.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Tuseme kamati iliyopo Msamala inataka kuuza Yamaha AG 100 iliyotumiwa na mhamasishaji wa mradi wa maji. Ni pikipiki ya kazi za shamba na vijijini: ina kerea mbele na nyuma, stendi ya pembeni kila upande, na cheni iliyofunikwa yote isiingie vumbi wala tope.

Anzeni na makaratasi

Wengi huanza kwa kuosha pikipiki na kuipiga picha. Afadhali mtu aanze kwa kufungua faili, maana huenda mkagundua kwamba hamuwezi kuuza mwezi huu.

Shikeni kadi ya usajili mwangalie mambo mawili. La kwanza ni jina la mmiliki. Pikipiki za kanisa kwa kawaida huandikishwa kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, si kwa jina la parokia wala la padre au mratibu anayeitumia. Kamati ikiamua kuuza, muhtasari wa kikao chake hautoshi. Wadhamini ndio wauzaji kisheria, na mkataba wa mauziano unahitaji saini zao na lakiri yao. Ombeni idhini yao kwa barua kabla ya kubandika tangazo. Mnunuzi aliyelipa akasubiri saini miezi mitatu atadai fedha zake, tena kwa haki.

La pili ni namba. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini ipo kwenye bodi ya injini, chini. Futeni tope kwa kitambaa chenye petroli, msome, mlinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki za miradi huwahi kubadilishiwa injini kwa nia njema kabisa, lakini kama hakuna aliyepeleka taarifa TRA, kadi itasema injini nyingine. Mnunuzi makini akiona hivyo atadhani ni ya wizi, na hatakuwa amekosea kujihadhari. Lirekebisheni kwanza.

Lipo na jambo la kodi. Ikiwa pikipiki iliingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, iwe kwa jina la kanisa au la mradi wa wafadhili, msamaha ule ulitolewa kwa matumizi yale tu. Chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo kilichosamehewa kikienda kwa mtu asiyestahili msamaha, ushuru hudaiwa. Nendeni ofisi ya TRA na nakala ya kadi na karatasi za kuingizia, muulize kiasi gani kinadaiwa, na muulize pia gharama za kuhamisha umiliki. Kisha amueni nani atalipa, mwandike kwenye tangazo. Tumetaja hili kwa urefu kwa sababu bei inayoonekana nzuri hubadilika kabisa ushuru ukiongezwa juu yake, na mara nyingi mnunuzi huambiwa akiwa ameshatoa malipo ya awali.

Mwisho wa makaratasi, tazameni kama kuna faini za barabarani zinazodaiwa kwa namba ile ya usajili, mzilipe. Andikeni pia tarehe ambayo bima inaisha. Ada ya leseni ya magari ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017, kwa hiyo stika za zamani za "road licence" hazina cha kumweleza mnunuzi.

Injini: ukubwa na aina

Ukubwa wa injini uandikwe kama ulivyo kwenye kadi. Jina la AG 100 humfanya mtu aseme "sisi mia", lakini ujazo wake halisi ni 97. Tofauti ni ndogo; ila mnunuzi akiona tarakimu ile ile kwenye tangazo na kwenye kadi, anajua kwamba mwandishi alikuwa na kadi mkononi.

Kwa pikipiki hii aina ya injini ni muhimu kuliko ukubwa. AG 100 ni tuu-stroki, yaani inachoma oili pamoja na petroli. Oili ina tangi lake dogo, na pampu huipeleka kwenye injini yenyewe. Boxer na TVS zilizozoeleka mjini ni foo-stroki, oili yao inabaki ndani ya injini. Kijana wa bodaboda hataitaka tuu-stroki, na ni vizuri ajue hivyo kwa kusoma mstari mmoja badala ya kuja hadi Msamala. Mkulima au bwana shamba anayetaka injini nyepesi, rahisi kwa fundi wa kijijini, ndiye atakayekuja.

Hapa pana jambo ambalo haliruhusiwi kusahaulika. Pampu ya oili ikiharibika, mafundi wengi huizima na kumwambia mwendeshaji achanganye oili kwenye tangi la petroli kwa kipimo. Pikipiki inaendelea vizuri miaka mingi. Siku inapouzwa, mwenye mazoea hayo haendi nayo. Mnunuzi anaona tangi la oili limejaa, anaweka petroli tupu, na baada ya safari fupi pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Muulizeni aliyekuwa akiitumia, si fundi peke yake. Kama inachanganywa, andikeni hivyo kwenye tangazo, na mbandike karatasi kwenye mfuniko wa tangi.

Mafuta: pimeni, msikisie

"Haili mafuta" haina maana kwa mtu anayepiga hesabu ya safari zake. Kupima ni kazi ya asubuhi moja. Jazeni tangi hadi shingoni pikipiki ikiwa imesimama wima, mtu ameishika; ikilala kwenye stendi ya pembeni kipimo kinadanganya. Andikeni kilomita zinazosomeka kwenye mita. Endesheni safari ambayo wanunuzi wanaijua, kwa mfano kwenda Peramiho na kurudi mara mbili, mtu mmoja bila mzigo. Rudini kituo kile kile, mjaze hadi alama ile ile, msome lita zilizoingia.

Tuseme mita imeongezeka kilomita 95 na zimeingia lita 2.9. Gawanyeni 95 kwa 2.9, jibu ni karibu kilomita 33 kwa lita. Andikeni tarakimu hiyo pamoja na barabara na mzigo, maana kwenye milima ya Mbinga, tena na gunia nyuma, haitafika hapo. Kama waya wa mita umekatika, urekebisheni kwanza; ni kitu cha bei ndogo, na bila mita inayofanya kazi hakuna atakayeamini kilomita mnazozitaja.

Hali yake

Tafuteni fundi asiye na nia ya kuinunua. Aiwashe ikiwa baridi, asubuhi, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa huficha ugumu wa kuwaka. Kwa foo-stroki, moshi wa bluu usiokoma ni dalili ya ringi au sili zilizochoka. Kwa tuu-stroki moshi kidogo wakati wa kuwasha ni kawaida yake, na anayeitumia kushusha bei hajui anachosema. Ikikosa nguvu mlimani, kabla ya kulaumu pistoni fundi afungue ekzosi aangalie kama imeziba kwa kaboni. Afungue pia kifuniko cha cheni. Kwa kuwa haionekani, hata mwenyewe huwa hajui kama imekwisha.

Kisha andikeni ubovu pamoja na uzima. Anayesoma kwamba shokapu moja inavuja atahesabu gharama kabla ya kuja, na akija amekwisha kukubali. Anayeigundua mwenyewe uani kwenu ataanza kutafuta ya pili.

Tangazo lenyewe la mfano wetu lingekuwa hivi:

"INAUZWA: Yamaha AG 100, injini ya tuu-stroki, ujazo 97. Pampu ya oili inafanya kazi. Hakuna kuchanganya oili kwenye petroli. Imetumika mradi wa maji, kilomita 41,300 kwenye mita, mita ni nzima. Matumizi: kilomita 33 kwa lita, imepimwa barabara ya Peramiho, mtu mmoja bila mzigo. Inawaka kwa kiki ikiwa baridi. Gia, kilachi na breki ni nzima, cheni ilibadilishwa mwaka huu. Ubovu: shokapu ya mbele kulia inavuja oili, indiketa moja imevunjika, tairi la nyuma linakaribia kwisha. Kadi halisi ipo, jina la Wadhamini, idhini ya kuuza ipo. Namba za injini na chesisi zinalingana na kadi. Iliingia kwa msamaha wa kodi. Ushuru utalipwa na muuzaji kabla ya makabidhiano. Gharama za kuhamisha umiliki ni za mnunuzi. Hakuna faini. Bei Sh. 850,000, inapungua kidogo. Kuiona: Msamala, ofisi ya parokia, Jumanne na Alhamisi saa 3 hadi saa 6 asubuhi. Njoo na fundi wako."

Kilomita na bei hapo ni za mfano tu. Zenu mtaziweka wenyewe. Namba kamili ya chesisi na picha ya kadi zisibandikwe hadharani, kwa kuwa mjanja anaweza kuzitumia kutengeneza tangazo lake. Anayefika azione kwenye meza ya ofisi.

Mnunuzi akija na namba yake ya mlipakodi na kitambulisho, mkataba uandikwe mbele ya wakili, na kadi halisi itolewe fedha zikishaingia benki. Fuatilieni TRA hadi jina libadilike. Hadi siku hiyo pikipiki ikisababisha ajali au ikikamatwa na magendo, jina litakalosomwa kituoni ni la Wadhamini.

Ikishauzwa, bandueni tangazo siku hiyo hiyo. Nakala yake, karatasi ya fundi na stakabadhi ya benki ziwekwe kwenye faili la mradi, kwa sababu mkaguzi wa mfadhili atauliza kwa nini ilikwenda kwa bei ile, na shokapu inayovuja itakuwa imeandikwa hapo.