Wimbi la elektroni na wimbi la mpira

Mwaka 1925, katika maabara za Bell mjini New York, chupa ya hewa iliyogandamizwa na kupozwa hadi ikawa kimiminika ililipuka na kuvunja bomba la kioo. Ndani ya bomba hilo Clinton Davisson na Lester Germer walikuwa wakirusha elektroni kwenye kipande cha nikeli. Hewa iliwahi nikeli ikiwa bado ya moto, uso wake ukaharibika, na ili kuusafisha ikabidi waichome kwa muda mrefu. Moto ule uliziunganisha fuwele ndogondogo za nikeli zikawa chache na kubwa. Waliporudia jaribio, elektroni hazikutawanyika ovyo kama zamani, bali zilipendelea pembe fulani tu.

Maelezo yake yalikuwa yameshaandikwa Paris. Mwaka 1924 Louis de Broglie alidai kwamba kila kitu kinachokwenda kina wimbi lake. Urefu wa wimbi hilo hupatikana kwa kugawa namba ya Planck, h, kwa tungamo mara kasi:

λ = h / mv

Namba h ni ndogo mno: 6.626 × 10⁻³⁴ kwa vipimo vya kawaida vya kilo, mita na sekunde.

Tulipime dai hilo kwa jaribio lenyewe. Mwaka 1927 Davisson na Germer waliona kilele dhahiri cha elektroni kwenye pembe ya digrii 50, elektroni zikiwa zimesukumwa kwa volti 54. Volti hizo huipa elektroni kasi ya kilomita 4,360 hivi kwa sekunde. Tungamo lake ni kilo 9.11 × 10⁻³¹. Zidisha kwa kasi, kisha ugawe h kwa jibu, utapata nanomita 0.167, yaani sehemu ya bilioni ya mita, mara 0.167. Upande wa pili, mistari ya atomu kwenye uso wa nikeli imeachana kwa nanomita 0.215. Wimbi linaloruka kutoka kwenye mistari hiyo na kukutana kwenye digrii 50 lazima liwe na urefu wa 0.215 × sin 50°, sawa na nanomita 0.165. Njia mbili zisizotegemeana zimefika karibu pale pale.

Kwa nini basi mpira wa miguu hauonyeshi mawimbi? Kanuni ni ile ile. Mpira wa gramu 430 ukipigwa kwa mita 25 kwa sekunde una wimbi la mita 6 × 10⁻³⁵ hivi. Kiini cha atomu ni kikubwa kuliko urefu huo mara mabilioni ya mabilioni, kwa hiyo hakuna mwanya wowote duniani wa kulifichua wimbi hilo. Labda tuupunguze mwendo? Ili wimbi lake lifikie nanomita moja, mpira ungepaswa kwenda polepole kiasi kwamba, hata ukianza tangu ulimwengu ulipoanza, usingemaliza sehemu ya elfu ya milimita. Huo si mwendo tena.

Kutoka hapa ndipo inapozaliwa kanuni ya kutokuwa na uhakika, aliyoieleza Werner Heisenberg mwaka 1927. Wengi hudhani inalalamikia ubovu wa vyombo vya kupimia. Sivyo. Wimbi la urefu mmoja kamili husambaa kila mahali. Ili ulibane mahali padogo huna budi kuchanganya mawimbi ya urefu mbalimbali, na kila urefu una mwendo wake. Ukizidi kubana mahali, mwendo unazidi kutawanyika. Shaka ya mahali mara shaka ya mwendo (tungamo mara kasi) haiwezi kushuka chini ya h / 4π.

Bana elektroni ndani ya nanomita 0.1, upana wa atomu: kasi yake itakuwa na shaka ya kilomita 580 hivi kwa sekunde au zaidi. Mpira ukijulikana ulipo kwa milimita moja, shaka ya kasi yake ni mita 10⁻³¹ tu kwa sekunde. Refa hana la kuhofia.

Sasa tubane elektroni ndani ya kiini cha atomu, mita 10⁻¹⁴. Hesabu ile ile inatoa kasi ya mita bilioni 5.8 kwa sekunde, karibu mara ishirini ya mwanga. Jibu la namna hiyo ni dalili kwamba tumetumia kanuni nje ya mipaka yake. Hapa lazima twende kwa Einstein. Tukizidisha shaka ya mwendo kwa kasi ya mwanga, tunapata nishati ya megaelektronivolti 10 hivi. Lakini elektroni zinazotoka kwenye viini vyenye mionzi ya beta kwa kawaida huwa na nishati ndogo kuliko hiyo. Katika miaka ya 1920 wanafizikia wengi waliamini kwamba elektroni zinaishi ndani ya kiini. Hesabu hii ilikuwa miongoni mwa sababu za kuiacha imani hiyo, na mwaka 1932 James Chadwick akagundua nyutroni, ambayo ndiyo inayokaa ndani ya kiini pamoja na protoni.