Kengele Isiyozimwa

Mwaka 1936, Hans Selye, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alichapisha taarifa fupi kuhusu panya wa maabara aliowatesa kwa baridi, upasuaji, mazoezi ya kupita kiasi na dawa zenye sumu. Mateso yalitofautiana, lakini alipowapasua alikuta mambo yale yale: tezi za adrenali, zinazokaa juu ya figo, zimevimba, tezi ya thaimasi kifuani imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Safari hiyo ya mwili aliigawa hatua tatu: tahadhari, ukinzani na uchovu.

Tahadhari tunaijua sote. Bodaboda inakukosakosa barabarani. Kufumba na kufumbua, adrenalini imemwagika kwenye damu. Moyo unadunda, ini linatoa sukari, tumbo linasitisha kazi na mdomo unakauka. Nyuma yake inakuja homoni ya kotisoli, ambayo hufikia kilele baada ya nusu saa hivi. Kotisoli hiyo hiyo ndiyo inayorudi kuuambia ubongo uache kuagiza nyingine, na baada ya saa moja au mbili mambo yametulia. Hapo hakuna madhara kwa mtu mwenye afya.

Tatizo ni kengele inapolia kila siku, na mfano wake mzuri uko hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1978, Mmarekani Robert Sapolsky alikwenda Maasai Mara, Kenya, kuchunguza nyani. Aliwapuliza kwa mshale wa dawa ya usingizi wakiwa wamempa mgongo, ili wasishtuke kabla hajawatoa damu. Kundi lilipokuwa tulivu, madume wanyonge, wale wanaonyang'anywa chakula na kupigwa bila sababu, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Dharura ya kweli ilipotokea, yao ilipanda polepole kuliko ya wakubwa. Yaani walilipa gharama mchana kutwa, na siku ya hatari walichelewa.

Kwa binadamu mwenye deni lisilokwisha au bosi wa kumtisha kila asubuhi, hali hukaribia hiyo. Kotisoli, ambayo kwa kawaida huwa juu alfajiri na chini usiku, huweza kukawia kushuka jioni. Usingizi unakatika, shinikizo la damu na sukari vinapanda, kinga inalegea.

Selye alidhani uchovu huja mwili unapoishiwa akiba. Hapo wanaomfuata leo hawakubaliani naye: kwa kawaida tezi haziishiwi homoni, bali homoni zenyewe, zikikaa muda mrefu, ndizo zinazochakaza moyo na mishipa. Kwa hiyo ukiuziwa vidonge vya kutibu "adrenali zilizochoka", hifadhi fedha yako. Adrenali kushindwa kazi kweli kunaitwa ugonjwa wa Addison. Ni nadra, na hugunduliwa kwa kipimo cha damu hospitalini.