Kabla Usage Tembe za Shosho, Soma Kwanza Hizi Herufi Kwa Boksi

Hebu tuseme shosho yako ametoka hosi baada ya kupigwa na kiharusi. Upande mmoja umelegea, na akimeza kitu inamkwama. Mmerudi naye keja na karatasi ya dawa, nesi amewaonyesha vile mtakuwa mnampea, halafu mkifika nyumbani mnagundua tembe haipiti. Anaitema, ama anaikalisha kwa shavu mpaka inayeyuka hapo. Msee wa kwanza kwa hiyo nyumba kupata aidia anakimbia jikoni, anachukua vijiko viwili, anasaga kila kitu pamoja na kumwagia kwa uji. Dawa zimeisha, shosho amekunywa, kila mtu ametulia.

Shida ni kuna tembe zingine hapo ndani hazifai kusagwa kabisa, na hazikai tofauti na zile zingine. Zote ni vitu vidogo vya mviringo.

Tuchukue mfuko wenyewe tuufungue. Ndani kuna nifedipini SR ya 20 mg, hiyo ya presha, asubuhi moja na jioni moja. Kuna aspirini ya 75 mg, boksi imeandikwa EC. Kuna metfomini ya 500 mg ya sukari, hii haina herufi zozote nyuma ya jina. Na kuna kapsuli ya omeprazoli 20 mg ya tumbo. Dawa nne, na kila moja iko na sheria yake.

Tuanze na nifedipini ju hapo ndio noma iko. Nifedipini yenyewe ni dawa ya haraka sana. Ukiipata bila breki, inaingia kwa damu ndani ya nusu saa hivi, inafungua mishipa, presha inaanguka, na baada ya masaa machache nguvu yake imeisha. Ndio maana watengenezaji wakaipatia breki. Hiyo SR inamaanisha tembe imeundwa kuachilia dawa polepole, kidogo kidogo, karibu masaa kumi na mbili. Breki haiko kwa dawa. Iko kwa vile tembe imejengwa. Ukisaga, umevunja breki, na dawa ya nusu siku nzima inashuka kwa shosho mara moja.

Sasa anapitia nini? Uso unapata moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Akijaribu kusimama kizunguzungu kinamshika, anaweza anguka. Hiyo ni ile sehemu unaona. Ile huoni ni kwamba mtu ameishi na presha ya juu miaka mingi, ubongo wake umezoea damu kusukumwa kwa nguvu. Presha ikianguka ghafla, damu haifiki vizuri kule juu, na msee aliyetoka kupata kiharusi anaweza pata kingine.

Na hii si stori ya kutishana. Miaka ya themanini huko, madaktari wengi duniani walikuwa wanatoboa kapsuli ya nifedipini ya haraka na kuiweka chini ya ulimi wa mgonjwa mwenye presha imepanda sana. Presha ilikuwa inashuka fasta na kila mtu anafurahi. Lakini ripoti zikaanza kuja za wagonjwa waliopata kiharusi ama mshtuko wa moyo baada ya hapo, na wengine wakafa. Mwaka wa 1996 kukatoka makala kwa JAMA, jarida la madaktari wa Marekani, ikitaka hiyo tabia isimamishwe. Ukisaga tembe ya SR leo jikoni, umerudia karibu kitu kile kile bila kujua.

Kuna kitu kingine huwa kinachanganya watu. Mkipima presha saa tano asubuhi iko chini sana, mkipima usiku imepanda juu. Familia inasema hii dawa haifanyi, pengine ni feki. Dawa si feki. Iliisha nguvu mchana, ju mliitoa yote asubuhi. Ukiona hiyo panda shuka kwa mtu anayesagiwa dawa, swali la kwanza liwe ni hiyo tembe ilikuwa ya aina gani.

Kwa hivyo zoea kusoma herufi zinazofuata jina la dawa. SR, XR, ER, CR, MR, LA, XL, ama neno "retard": hizo zote zinakuambia kitu kimoja, kwamba dawa imetengenezwa itoke polepole. Ukiziona, weka vijiko chini. EC nayo ni tofauti kidogo, tutaifikia. Lakini usidhani kukosa herufi ni ruhusa. Tamsulosini ya wazee wenye shida ya kukojoa mara nyingi ni ya polepole hata kama jina halina herufi kubwa hapo mbele. Soma pia ile karatasi imekunjwa ndani ya boksi, ama peleka boksi kwa mfamasia. Si lile bahasha dogo la kemisti lenye wameandika tu "1x2". Boksi ama ile foili yenyewe.

Na ule mstari wa katikati ya tembe pia usikudanganye. Kuna tembe za polepole zina mstari na unaweza zikata nusu vizuri, kama kabamazepini CR ya kifafa. Kukata nusu ni sawa, kusaga ni hapana. Mstari unasema tu hapa ndio pa kukatia.

Sasa nifedipini ya shosho tunaifanyia nini? Usiiache tu, ju kuacha dawa ya presha ghafla ni shida ingine. Rudi kwa daktari ama piga simu, sema hivi: mgonjwa hawezi kumeza, na dawa ni ya SR. Mara nyingi kuna njia. Amlodipini, kwa mfano, iko kwa familia moja na nifedipini, lakini inakaa kwa mwili muda mrefu yenyewe bila kuhitaji breki ya tembe. Ya kawaida inaweza kusagwa, na inapewa mara moja kwa siku. Lakini daktari ndiye anabadilisha na kuchagua kipimo, si wewe na jirani.

Twende kwa aspirini EC. Hiyo EC ni koti la nje linalozuia tembe kufunguka kwa tumbo, ifunguke mbele kwa utumbo. Ukisaga, koti limeenda na aspirini inakaa moja kwa moja kwa ukuta wa tumbo. Haitamwangusha kama nifedipini, lakini kwa nini umchome tumbo na kuna aspirini ya 75 mg inayoyeyuka kwa maji? Uliza hiyo.

Omeprazoli ndio watu huharibu sana. Fungua kapsuli utaona vidonge vidogo vidogo kama mbegu. Kila mbegu imevalishwa koti lake, ju asidi ya tumbo inaua omeprazoli kabla ifanye kazi. Kwa hivyo kapsuli nyingi za aina hii unaweza fungua, lakini zile mbegu usisage, na mgonjwa asizitafune. Unazimwaga kwa kijiko cha yogati ama juisi ya matunda yenye uchachu kidogo, anameza hapo hapo. Usiweke kwa maziwa fresh wala uji wa moto, ju makoti yataanza kuyeyuka kabla hazijafika. Kama mgonjwa analishwa kwa mpira wa puani, hizo mbegu zinaweza kuziba mpira, kwa hivyo hapo lazima uulize kwanza.

Metfomini ya kawaida ndio pekee kwa huu mfuko unaweza saga bila stress, ukishapata okei ya mfamasia. Ni chungu ajabu, na shosho atakunja uso. Lakini kama boksi ingekuwa na XR, jibu lingegeuka.

Kusaga nako kuna vile kunafanywa. Kabla ya yote uliza kama kuna ya maji ama ya kuyeyuka, ju hiyo mara nyingi ni afadhali. Kama hakuna, osha mikono na usage dawa moja moja, usichanganye zote kwa kinu kimoja. Saga mpaka iwe unga laini, usiache vipande. Halafu changanya na kijiko kimoja tu cha kitu kizito, yogati ama uji mzito uliopoa. Hapa ndio wengi hukosea: wanamwaga kwa bakuli nzima ya uji, shosho anakunywa nusu anashiba, na sasa hakuna mtu anajua amepata dawa kiasi gani. Mpe hapo hapo, usiandae asubuhi ya kupea jioni. Kinu na kijiko kimebaki na unga, kwa hivyo ongeza uji mwingine kidogo, kwangua, mpe pia.

Mkalishe wima kabisa wakati wa kumeza, na abaki hivyo kama nusu saa. Na usikimbilie kumshushia na glasi ya maji. Kwa mtu wa kiharusi, maji matupu mara nyingi ndiyo yanapita njia mbaya na kuingia kwa mapafu, kuliko hata uji mzito. Akikohoa kila akimeza ama sauti yake inakuwa kama ina maji baada ya kula, simamisha kumpea kitu kwa mdomo na umrudishe hosi wamwangalie kumeza kwake. Hapo tembe si shida kubwa tena.

Kuna dawa zingine hazisagwi si kwa sababu ya mgonjwa ila kwa sababu yako wewe unayesaga. Methotrekseti na tembe za saratani zikisagwa zinatoa vumbi, na hilo vumbi hulitaki kwa pua wala ngozi yako. Finasteridi, ile ya tezi dume, mwanamke mjamzito hafai kushika ikiwa imevunjika, ju inaweza kuharibu ukuaji wa mtoto wa kiume tumboni. Kwa hivyo kama ni guka ndiye anaumwa na sista yako ako na mimba, yeye asiwe ndiye wa kusaga.

Na kama unasoma hii na asubuhi ya leo mlishasaga ile nifedipini SR? Mlaze shosho, asisimame wala kwenda choo peke yake, na kama kuna mashine pimeni presha sasa hivi na mrudie kila baada ya dakika chache. Presha ikiwa chini kuliko kawaida yake, ama akihisi kizunguzungu, akichanganyikiwa, kifua kikimbana ama mdomo ukienda upande, ni hosi mara moja. Hata kama anaonekana fiti, pigieni daktari simu, ju dawa bado inaweza kuwa inapanda. Mkienda, bebeni boksi, na mseme wazi kwamba tembe ilisagwa na ni saa ngapi.