Picha Iliyopinduka Husomwa Vibaya

Wiki iliyopita nilipiga picha ya hati ya mzigo, nikaitia kwenye programu ya kusoma maandishi. Namba ya mzigo ilikuwa 1689, ikatoka 6891. Karatasi ilikuwa juu chini: 6 hugeuka 9, 9 hugeuka 6, nazo 1 na 8 hubaki zilivyo.

Hapo ndipo kwenye hatari. Maneno yakipinduka utashtuka, maana “nunua” linaweza kutoka “enunu”. Namba hazipigi kelele. Picha iliyolala ubavu ndiyo afadhali, kwani hutoa takataka tupu: vistari, nukta, herufi mojamoja kila mstari.

Mara nyingi chanzo ni simu. Huihifadhi picha ikiwa imelala, kisha huambatisha alama ya siri inayosema igeuzwe. Kioo cha simu huitii, programu nyingine haziijali. Ndiyo maana wewe unaiona imesimama.

Kwa Tesseract, programu ya bure, uliza kwanza:

```
tesseract hati.jpg - --psm 0
```

Ukiona `Rotate: 180`, izungushe nusu duara ndipo usome. Soma pia `Orientation confidence`. Ikiwa ndogo, usiiamini. Karatasi yenye maneno machache humshinda kabisa.

Picha ya kioo, kama baadhi ya zile za kamera ya mbele, haigundui, na kuizungusha hakusaidii. Lazima uigeuze kushoto kulia. “MAMA” ikitoka “AMAM”, umeipata. Namba za fedha zihakiki kwa macho yako, karatasi ikiwa mkononi.