Jina la Kati Lisilo Kwenye Pasipoti

Fomu ya viza ya Marekani, DS-160, hufuata pasipoti. Tuseme pasipoti ya Mtanzania inasoma Asha Mwinyi, ilhali cheti cha kuzaliwa na vya shule vinasoma Asha Juma Mwinyi. Kwenye "Surnames" huandikwa MWINYI, na kwenye "Given Names" ASHA pekee. Juma haliongezwi hapo, hata kama ndilo jina la baba. Swali la majina mengine hujibiwa "Yes", kisha kwenye "Other Surnames Used" huandikwa MWINYI, na kwenye "Other Given Names Used" ASHA JUMA. Kujibu "No" ndiko hasa huzua mashaka, vyeti vikionyesha vingine. Hati ya kiapo husaidia kueleza tofauti hiyo, lakini haibadilishi pasipoti.